Aliomba Milioni 300, Benki Ikasoma 788

Mzee mwenye supamaketi amekaa mbele ya meza ya afisa mikopo jijini Dar es Salaam. Ana matawi 12, ameleta hesabu zilizokaguliwa, na anaomba shilingi milioni 300 za kufungua matawi mengine matatu. Deni lake la sasa ni milioni 720, na hajawahi kuchelewesha rejesho. Kinachomshangaza ni kwamba dada huyu amemtaka alete pia mikataba yote ya pango, tawi kwa tawi.

"Mzee, mwezi ukienda vibaya ukakosa fedha ya pango, inakuwaje?"

"Mwenye jengo anakuja na kufuli."

"Na ukikosa rejesho letu?"

Mzee akacheka. "Ninyi, mwanangu, nitawaandikia barua."

Mzee huyu na duka lake nimewatunga mimi, na tarakimu zake nimezichagua ili hesabu isitusumbue. Jibu lake lakini si la kutunga. Ndiyo sababu mkopeshaji anayeijua kazi yake hawezi kuliona pango kama gharama ya kawaida, iwekwe kapu moja na umeme na mifuko ya kufungashia. Mahakamani benki yenye dhamana iliyosajiliwa husimama mbele ya mwenye jengo. Mwisho wa mwezi mambo hugeuka: wa kwanza kulipwa ni yule anayeweza kufunga mlango kesho asubuhi, maana mlango ukifungwa hakuna mauzo, na bila mauzo hakuna rejesho la mtu yeyote.

Kenya iliyaona hayo kwa macho. Nakumatt, iliyoanzia kwenye duka la magodoro mjini Nakuru, ilikua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2017 wenye majengo waliokuwa wakiidai pango walianza kufunga milango, tawi hili leo na lile kesho. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakakubali ifilisiwe. Sitasema pango ndilo lililoiua, kwa sababu wasambazaji na wakopeshaji nao walikuwa wakiidai fedha nyingi. Ninachotaka msomaji akione ni mwendo wa kuanguka kwenyewe: kila tawi lililofungwa kwa sababu ya pango liliondoka na mauzo ambayo yangewalipa wadai wengine wote.

Kabla hatujaingia kwenye hesabu, neno moja kuhusu lugha. Kiswahili kinaita kodi kile unachomlipa mwenye nyumba na kile unachoilipa serikali, na nimeshuhudia watu wakibishana nusu saa kumbe kila mmoja ana kodi yake kichwani. Humu ndani pango ni la mwenye jengo, na kodi ni ya serikali.

Sasa daftari la mzee. Anauza bidhaa za shilingi milioni 6,000 kwa mwaka. Akishaondoa bei aliyonunulia, anabaki na 1,320. Mishahara, umeme, ulinzi na usafiri vinakula 600. Zinabaki milioni 720, ambazo nitaziita chumo kabla ya pango. Pango la matawi yote 12 ni milioni 360 kwa mwaka, kwa hiyo chumo baada ya pango ni 360. Humo ndimo zinamotoka riba, marejesho ya mkopo, kodi, fedha ya kutengeneza majokofu, na riziki ya mzee mwenyewe.

Kipimo cha zamani cha benki ni rahisi. Unachukua deni, unaligawa kwa chumo la mwaka, unapata miaka ambayo biashara ingehitaji kulimaliza kama fedha yote ingeelekezwa huko. Kwa mzee, 720 ukigawa kwa 360 ni 2. Miaka miwili tu, na kwa mizani hiyo ni mtu wa kukimbiliwa na benki. Ndiyo maana alikuja akitembea kifua mbele.

Lakini mfikirie mshindani wake wa ng'ambo ya barabara, mwenye matawi kama hayo, ambaye badala ya kupanga alikopa akanunua majengo. Vitabu vyake vimejaa deni, ingawa hana pango hata la senti. Wote wawili wanatumia majengo yaleyale, na kila mwezi wote wana mtu wa kumlipa kwa ajili ya majengo hayo, bila kujali kama wateja wamekuja au hawakuja. Mmoja anamwita anayemlipa mwenye jengo, mwingine anamwita benki. Kipimo kinachomwona wa kwanza kuwa mwepesi na wa pili kuwa mzito kinapima jina la malipo, si mzigo. Ndipo wakopeshaji walipoanza kuuliza: kama huyu mpangaji angenunua majengo anayoyatumia, angekuwa na deni kiasi gani?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa la mkato: chukua pango la mwaka, zidisha mara 8. Mashirika ya kupima uwezo wa kulipa madeni yaliitumia njia hii kwa namna tofauti. Fitch ilikuwa na 8 kama namba yake ya kawaida, Moody's ilibadilisha namba kulingana na sekta, na S&P ikapenda zaidi kupiga hesabu ya malipo yenyewe yaliyobaki kwenye mikataba. Watu wengi walikariri hiyo 8 bila kuuliza ilizaliwa wapi, na hapo ndipo ilipoanza kudanganya.

Imezaliwa hivi. Mwenye mali anayekupangisha anataka vitu viwili ndani ya pango: riba ya fedha aliyoiweka kwenye mali, na fidia ya kuchakaa kwake. Chukua mali ya kudumu miaka 15 na riba ya asilimia 6. Uchakavu wa mwaka ni sehemu moja ya 15, yaani karibu asilimia 6.7 ya bei. Jumlisha na 6 ya riba, pango linakuwa karibu asilimia 12.7 ya bei ya mali. Ukigeuza, bei ya mali ni kama mara 7.9 ya pango la mwaka. Wakasema 8.

Tazama kilichojificha humo: riba ya asilimia 6. Hiyo ni riba ya nchi za fedha rahisi. Weka asilimia 13, na mali ileile ya miaka 15 inatoa mara 5 tu. Hata ukisema jengo linadumu miaka 40, unapata kama mara 6 na nusu. Kwa hiyo afisa wa Dar es Salaam au Nairobi anayezidisha pango la mteja wake mara 8 anampima mtu wa hapa kwa kibaba cha London. Ukimpima mzee hivyo, pango linakuwa deni la milioni 2,880, na ukijumlisha 720 za benki unapata 3,600. Gawa kwa chumo kabla ya pango, yaani 720, jibu ni 5. Mtu aliyeingia na 2 ametoka na 5, na hata mkono wake haujagusa fedha.

Njia ya pili ililetwa na wahasibu. Zamani, chini ya kanuni za kimataifa za uhasibu, mikataba mingi ya pango haikuonekana kwenye mizania. Ilitajwa nyuma ya taarifa ya fedha, kwenye maelezo ambayo wengi hawayafiki. Sir David Tweedie, aliyeiongoza bodi inayotunga kanuni hizo, alikuwa akitania kwamba kabla hajafa angependa walau mara moja kupanda ndege iliyomo kwenye mizania ya shirika linaloirusha. Bodi yenyewe ilikadiria kwamba kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa duniani zilikuwa na ahadi za pango za karibu dola trilioni 3.3, na zaidi ya asilimia 85 ya hizo hazikuwa kwenye mizania. Januari 2016 ikatoa kanuni ya IFRS 16, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2019. Tangu hapo mpangaji anaandika pango la miaka iliyobaki kama deni, na upande wa pili anaandika haki ya kulitumia jengo kama mali.

Deni hilo halipatikani kwa kuzidisha namba ya kukariri. Unaangalia mkataba umebakiza miaka mingapi na utalipa nini kila mwaka, kisha unaipunguza kila fedha kwa riba ya miaka utakayoingoja, maana shilingi ya mwaka wa sita si shilingi ya leo. Mikataba ya mzee imebakiza wastani wa miaka 6, na tuseme pango halipandi. Kwa riba ya asilimia 13, milioni 360 za kulipwa mwakani ni sawa na 319 za leo, na zile za mwaka wa sita ni sawa na 173 tu. Jumlisha miaka yote sita, unapata karibu milioni 1,440. Ongeza 720 za benki, inakuwa 2,160. Gawa kwa chumo kabla ya pango, jibu ni 3.

Mbili, tano, tatu. Mzee ni yuleyule. Afisa asiyejua kila namba imetoka wapi anaweza kumkatalia mteja mzuri, au kumpa fedha mtu anayezama.

Mtego mbaya kuliko yote upo kwenye kugawa. Pango likishageuzwa deni, halikatwi tena kama pango kwenye taarifa ya mapato na matumizi: linagawanyika kuwa uchakavu na riba, vitu ambavyo havikatwi tunapotafuta chumo. Kwa hiyo chini ya kanuni mpya chumo linalosomeka kwenye vitabu vya mzee limeruka kutoka 360 hadi 720, ingawa hajauza hata kiberiti kimoja zaidi. Sasa chukua mkataba wa mkopo ulioandikwa kabla ya 2019 wenye sharti kwamba deni la benki lisizidi mara 3 ya chumo. Mhasibu mjanja, au mvivu, anachukua deni la benki peke yake, 720, analigawa kwa chumo jipya, 720. Jibu ni 1. Pango limetoweka pande zote mbili: juu halihesabiwi kama deni, chini halikatwi kama gharama. Ni sawa na mtu anayejipima uzito huku ameshika mlango.

Dawa yake ni kuchagua upande na kubaki nao. Ukiliweka pango kwenye deni, ligawe kwa chumo kabla ya pango. Ukiliacha nje ya deni, ligawe kwa chumo baada ya pango. Mikataba mingi ya mikopo ilikwepa balaa hili kwa kifungu kinachosema vipimo vitahesabiwa kwa kanuni zilizokuwepo siku mkopo uliposainiwa, hata kanuni zikibadilika. Anayepewa hesabu bila kifungu hicho kutajwa aulize kabla ya kufurahia namba ndogo.

Hesabu ya IFRS 16 nayo ina kasoro yake, na kwangu mimi ndiyo inayostahili jicho kali zaidi. Kanuni inahesabu miaka iliyobaki kwenye mkataba, pamoja na miaka ya kuongeza muda pale tu ambapo kampuni ina uhakika wa kutosha kwamba itaongeza. Mikataba isiyozidi miezi 12 inaruhusiwa kuachwa nje kabisa. Matokeo yake ni kwamba kadiri unavyokaribia kufukuzwa, ndivyo unavyoonekana huna deni. Kama mikataba ya mzee ingebakiza miaka 15, deni lake la pango lingekuwa kama milioni 2,325 na kipimo chake kingepanda hadi 4.2. Ikibakiza miaka miwili, kipimo kinashuka vizuri sana. Lakini supamaketi yenye mikataba ya miaka miwili si salama kuliko yenye miaka 15. Mwenye jengo anaweza kumpandishia pango au kumpa nafasi mwingine, na rafu, majokofu na wateja waliozoea kona ile havihamishiki kwa mkokoteni.

Kwa sababu hiyo afisa makini hasomi tu deni lililoandikwa. Anamuuliza mzee: baada ya miaka hiyo sita, unaondoka? Kama jibu ni hapana, pango la mwaka wa saba na wa nane nalo ni mzigo, liwe limeandikwa au halijaandikwa. Hapo ile njia ya zamani ya kuzidisha, pamoja na ubishi wake wote, ilikuwa na hekima moja: ilichukulia kwamba duka litaendelea kuwepo.

Kupima deni kwa miaka ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza kama fedha za mwaka mmoja zinatosha malipo ya mwaka huohuo, na hapa ndipo pango linapoonyesha meno. Mwaka wa kawaida mzee ana 720. Pango 360, riba ya asilimia 13 kwenye 720 ni karibu 94, na marejesho ya mkopo wa miaka mitano ni 144. Anabakiwa na 122 kwa ajili ya kodi, matengenezo na yeye mwenyewe. Anapumua.

Sasa mauzo yashuke kwa asilimia 10, barabara imechimbwa mbele ya matawi mawili au mshindani amefungua jirani. Faida ya bidhaa inapungua kwa 132. Mishahara na walinzi hawapungui kwa urahisi, kwa hiyo chumo kabla ya pango linashuka hadi 588. Pango liko palepale, 360. Zinabaki 228. Toa riba 94, zinabaki 134, na rejesho ni 144. Mzee amepungukiwa milioni 10 kabla hajagusa kodi wala jokofu lolote.

Angalia jinsi mshtuko ulivyokua ukipita kwenye pango. Mauzo yalishuka asilimia 10, chumo kabla ya pango likashuka asilimia 18, na chumo baada ya pango likashuka karibu asilimia 37. Pango limeukuza mshtuko kama riba kubwa inavyoukuza. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo sababu halisi ya kuliita deni. Uhasibu ulifuata tu. Malipo yasiyojali mauzo yako yanakuwa deni siku mauzo yanapoanguka, hata kama jana yalikuwa na jina jingine.

Mara nyingi huku kwetu pango lenyewe halikai mahali pamoja. Mkataba unaweza kulipandisha kwa asilimia fulani kila mwaka bila kuangalia soko, na majengo makubwa ya maduka yalizoea kutoza kwa dola, hivyo shilingi ikilegea pango linapanda bila mtu kugusa mkataba. Tanzania ilipiga marufuku mwaka 2025 kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, lakini mikataba ya zamani ya nchi jirani bado inafaa kusomwa kwa makini ukurasa wa malipo.

Kisa kinachoonyesha hayo yote kwa ukubwa kilitokea Uingereza. Southern Cross ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote nchini humo katika kuendesha nyumba za kutunzia wazee, ikiwa na nyumba kama 750 na wakazi wapatao 31,000. Kwa muda ilimilikiwa na kampuni ya uwekezaji ya Blackstone, kisha ikaingizwa kwenye soko la hisa mwaka 2006. Majengo mengi haikuyamiliki. Biashara ilijengwa juu ya mtindo wa kuuza jengo na kulipanga tena: unapata fedha leo, deni la benki linapungua, na badala yake unaahidi pango kwa miaka mingi. Mapango yake yalikuwa ya kupanda tu kila mwaka, hayawezi kushuka, na kufikia 2011 yalikuwa kama pauni milioni 250 kwa mwaka.

Walipaji wakubwa wa wazee wale walikuwa serikali za mitaa, nazo zilikuwa zikibana matumizi. Vitanda vikaanza kukaa vitupu, ada zikasimama, pango likaendelea kupanda. Deni la benki la Southern Cross lilikuwa dogo mno ukililinganisha na pango, na mtu aliyesoma mizania peke yake angeweza kulala usingizi. Juni 2011 ikatangaza kwamba itashikilia asilimia 30 ya pango kwa muda ili ipumue. Julai wenye majengo wakaamua kuzichukua nyumba zao, na kampuni ikaelekea kufungwa. Haikukosa fedha ya kulipa benki. Ilikosa fedha ya kumlipa mwenye jengo, ambaye kwenye kipimo cha zamani hakuwepo.

Hata hivyo, pango si deni kwa asilimia mia, na mkopeshaji anayelihesabu kana kwamba ni mkopo kamili naye anakosea. Kampuni ikifilisika, mkopo unadaiwa wote. Mkataba wa pango unaweza kuvunjwa, na jengo likapata mpangaji mwingine. Sheria ya ufilisi ya Marekani hata inaweka kikomo kwa anachoweza kudai mwenye jengo kwa miaka iliyobaki ya mkataba uliovunjwa: pango la mwaka mmoja, au la asilimia 15 ya muda uliobaki lisilozidi miaka mitatu, lolote lililo kubwa. Kwa hiyo kampuni yenye pango zito inaweza kufunga matawi mabovu na kupona, wakati yenye mkopo wa kiasi hichohicho isingepona. Pango lina nguvu kuliko deni wakati duka liko wazi, na lina udhaifu kuliko deni duka likifungwa. Afisa mikopo huulizia zaidi hali ya kwanza, maana fedha yake hutoka kwenye duka lililo wazi.

Kuna pia pango linalofuata mauzo, ambapo mwenye jengo anachukua asilimia ya kilichouzwa. Sehemu hiyo haiingizwi kwenye deni la IFRS 16, na hapa kanuni na busara vinakubaliana: mauzo yakishuka, nalo linashuka. Lakini mikataba ya namna hii huwa na kiwango cha chini ambacho ni lazima kilipwe hata duka likiwa tupu. Hicho cha chini ni deni kama mengine.

Turudi mezani. Matawi matatu mapya yana pango la milioni 30 kila moja, mikataba ya miaka 10. Milioni 90 kwa mwaka kwa miaka 10, kwa riba ya asilimia 13, ni deni la karibu milioni 488 leo. Mzee aliomba 300. Kwa jicho la afisa alikuwa anaomba 788, ila sehemu kubwa zaidi anamkopa mwenye jengo, na mwenye jengo huyo ndiye atakayelipwa kwanza.

Afisa akapiga hesabu ya mwaka wa kwanza, matawi yakiwa bado hayajapata wateja wake. Chumo 720, pango sasa 450, zinabaki 270. Riba ya deni jipya la 1,020 ni karibu 133, marejesho 204. Pengo la milioni 67, ambalo matawi matatu lazima yalizibe tangu mwaka wa kwanza, na mauzo ya matawi ya zamani yasiyumbe hata kidogo.

"Kwa hiyo hamnipi," mzee akasema.

"Moja tutakupa, mzee. Lile la Mbagala. Lakini miaka miwili ya mwanzo pango lifuate mauzo, na kiwango cha chini kisizidi nusu. Na mwenye jengo atusainie barua kwamba kabla hajaweka kufuli atatuarifu sisi, atupe siku 60."

Mzee akakunja mikataba yake. "Mwenye jengo huyo unamjua? Hatasaini."

"Jengo lake lina miezi minane sakafu ya chini iko tupu," dada akajibu, akafungua faili la mteja anayefuata. "Muulize tu."